Shukrani kwa Mkono wa Mwingine

Kuna tangazo ambalo msomaji wa magazeti ya Kenya amelizoea hata halisomi tena. Lina picha ya marehemu, jina la familia, kisha maneno kwamba familia inawashukuru ndugu, jamaa, marafiki, majirani na waumini kwa maombi na michango yao, na kwamba kwa kuwa haiwezekani kumshukuru kila mmoja peke yake, basi kila mmoja achukulie tangazo hilo kuwa shukrani yake binafsi. Familia inayolipia tangazo hilo ina uchungu wa kweli na shukrani ya kweli, na sina shaka juu ya hilo hata kidogo. Lakini mama wa Umoja au Kayole aliyepika sufuria za chai usiku saba mfululizo kwenye matanga akilisoma tangazo lile, hajioni ndani yake. Aliyetuma mchango kwa simu dakika moja na yeye aliyekesha wamepewa neno lilelile. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa mlango wa mkurugenzi, kazi yangu ikiwa kuandika barua ambazo zingetoka na sahihi ya mtu mwingine, na sasa naamini kwamba kosa la tangazo lile ndilo kosa la barua nyingi za shukrani zinazoandikwa kwa niaba ya wakubwa. Hazikosi moyo. Zinakosa habari.

Hoja yangu ni hiyo moja. Hisia inayosikika katika shukrani haitoki kwenye maneno yenye hisia. Inatoka kwenye jambo mahususi ambalo mwenye kushukuru alilishuhudia au lilimgusa, na ambalo anayeshukuriwa hakudhani kwamba lilionekana. Kama ni hivyo, basi kazi kubwa ya anayeandika kwa niaba haiko kwenye kalamu, iko kwenye kuuliza. Sekretari hodari wa lugha ambaye hakumuuliza bosi wake lolote atatoa barua tamu isiyo na mtu ndani yake. Karani wa Kiswahili cha kawaida aliyepata dakika tatu za maswali mazuri atatoa barua ambayo mpokeaji ataihifadhi.

Ushahidi mmoja wa hoja hii uko mbali na Nairobi, lakini ninaurejea mara kwa mara kwa sababu unaonyesha pande zote mbili. Novemba 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mjane mmoja wa Boston aitwaye Lydia Bixby alipokea barua ya pole na shukrani ya taifa yenye jina la Rais Abraham Lincoln. Ni barua fupi, na wengi huihesabu miongoni mwa barua bora kabisa za Kiingereza. Kwa muda mrefu wasomi wamebishana kama Lincoln aliiandika mwenyewe au iliandikwa na John Hay, mmoja wa makatibu wake, na uchanganuzi wa lugha uliofanywa kwa kompyuta mwaka 2017 ulielekeza kidole kwa Hay. Kama ndivyo, tuna mfano mkubwa wa mkono wa mtu mmoja uliobeba moyo wa mwingine. Lakini barua hiyo ilimpa pole mama kwa kufiwa na wana watano vitani, kwa sababu ndivyo ofisi ilivyoarifiwa, na kumbukumbu za jeshi zilikuja kuonyesha kwamba waliokufa vitani walikuwa wawili. Lugha ilikuwa kamilifu, habari ilikuwa na kasoro. Bahati ya ofisi hiyo ni kwamba Washington ilikuwa mbali na Boston, na rais hakutarajiwa kukutana na mama huyo njiani.

Hapa kwetu bahati hiyo haipo. Mkurugenzi aliyekulia Jericho, Makongeni au Kaloleni, hata akihamia Karen, hurudi Eastlands. Hurudi kwa matanga, kwa harusi, kwa nyama ya Burma karibu na City Stadium, na huko hukutana ana kwa ana na mtu aliyeandikiwa barua. Mtu huyo atasema, “Ile barua yako niliipata, eti kumbe uliona vile tulihangaika na ile gari?” Mkurugenzi asipojua ni gari gani, barua imekufa palepale, na pamoja nayo heshima kidogo ya aliyeiandika. Kwa hiyo barua ya niaba Eastlands ina mtihani ambao ile ya Boston haikuwa nao: lazima iweze kuendelezwa kwa mdomo na yule ambaye jina lake liko chini. Mtihani huo ndio unaoamua namna ya kuiandika tangu mwanzo.

Tuchukue kisa cha kutunga, lakini cha aina inayotokea sana. Kiwanda cha mikate katika Eneo la Viwanda kinavunjikiwa na shafti ya mashine ya kukandia unga Jumamosi jioni. Kipuri cha kuagiza ng'ambo kitachukua wiki kadhaa. Mkurugenzi anapanda gari na meneja wake, wanafuata Outer Ring Road hadi Kariobangi Light Industries, kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea chuma. Jumapili fundi anafungua karakana kwa ajili yao tu, anakereza shafti mpya, na Jumatatu alfajiri mikate inatoka. Malipo yanatumwa kwa M-Pesa. Siku tatu baadaye mkurugenzi, akiwa njiani kuelekea uwanja wa ndege, anamwambia sekretari: “Mwandikie yule fundi barua nzuri ya asante.”

Sekretari akikaa chini na agizo hilo tupu, barua tunaijua hata kabla haijaandikwa. “Kwa niaba ya kampuni na kwa niaba yangu binafsi, ningependa kuchukua fursa hii kukushukuru kwa dhati kwa mchango wako mkubwa na kujitolea kwako katika kufanikisha shughuli zetu. Tunathamini ushirikiano wako na tunatarajia kuendelea kufanya kazi nawe.” Hakuna neno la uongo hapo. Lakini badilisha jina la mpokeaji, uitume kwa aliyepaka rangi ofisi au kwa kampuni ya bima, na bado itafaa. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza cha barua yoyote ya shukrani, na ni kipimo kikali. Barua inayoweza kutumwa kwa mtu mwingine bila kuguswa haijaandikwa kwa mtu yeyote.

Sasa tuseme sekretari amepiga simu kabla bosi hajapanda ndege. Asimuulize anataka kusema nini, kwa sababu mtu mwenye shughuli nyingi atajibu kwa maneno yaleyale ya jumla: mwambie alifanya kazi nzuri, mwambie tunamshukuru. Aulize mambo yenye jibu la macho na masikio. Ulikuwa umesimama wapi fundi alipokuwa akifanya kazi? Kuna wakati ulidhani haitawezekana? Ulipofika nyumbani, ulimsimulia nini mkeo? Swali hili la tatu nimeona ndilo lenye nguvu kuliko yote, maana kitu ambacho mtu alikibeba hadi nyumbani ndicho kilichomgusa, na anapokisimulia tena hutumia maneno yake mwenyewe, si ya ofisini. Hapo mkurugenzi wetu huenda akasema: “Unajua, ile ya kwanza ilicheza kidogo kwa beringi. Mimi nikasema twende nayo tu. Akakataa. Kazi yake mwenyewe, akaitupa kando akaanza upya. Halafu stima zikapotea, akakaa tu pale akingoja zirudi. Mpaka sasa naifikiria ile shafti. Ingekuwa mimi, ningeifunga nikaenda kulala.” Barua imepatikana. Imebaki kuipanga.

Maswali hayo yana saa yake. Siku ya pili au ya tatu bado mtu anakumbuka harufu ya mafuta ya mashine na saa stima ziliporudi. Baada ya wiki mbili anakumbuka tu kwamba fundi alisaidia, na hakuna ufundi wa lugha unaoweza kurudisha kilichosahaulika. Ndiyo maana sekretari mwerevu hangoji agizo. Akisikia bosi akisimulia jambo kwenye korido kwa sauti iliyochangamka, anaandika maneno mawili matatu kwenye daftari, kwa maneno ya bosi yalivyo. Daftari hilo ni mali kuliko kamusi.

Barua yenyewe ingeweza kuwa hivi: “Fundi wangu, Jumapili ulifungua karakana yako kwa ajili yetu tu. Shafti ya kwanza ilipocheza ndani ya beringi, mimi nilikuwa nimeshasema twende nayo hivyo hivyo. Wewe ukaikataa kazi ya mikono yako mwenyewe, ukachukua chuma kingine ukaanza upya, na stima zilipopotea ukakaa ukangoja badala ya kutuambia turudi kesho. Jumatatu mikate ilitoka kwa wakati, na madereva hawakujua kama kulikuwa na shida yoyote. Bado naifikiria ile shafti ya kwanza. Ningekuwa wewe, ningeifunga nikaenda kulala. Asante, Fundi.”

Hakuna “kwa dhati” humo, wala “kujitolea”, wala “mchango mkubwa”. Neno asante limetokea mara moja, mwishoni, na limeweza kusimama peke yake kwa sababu limebebwa na yaliyotangulia. Tazama pia vitenzi. Kiswahili kinatupa kipimo ambacho kiko mwanzoni mwa neno: ulifungua, ukaikataa, ukachukua, ukaanza, ukakaa, ukangoja. Matendo mengi ni ya fundi. Mkurugenzi anajitokeza mara chache, na mara zote mbili zenye uzito anajitokeza kama mtu ambaye angekubali kazi pungufu. Katika barua ya kwanza hali ilikuwa kinyume: ningependa, tunathamini, tunatarajia. Anayeshukuru alijaa ukurasa mzima, na anayeshukuriwa hakutenda lolote. Na kuna hatari ya ile “tu” ya wingi. “Tunashukuru” ni neno la bodi na la kamati. “Nakushukuru” lina watu wawili ndani yake, mmoja mbele na mmoja katikati, na lugha imeshafanya nusu ya kazi. Mkurugenzi anaposema kwa niaba ya kampuni, wingi ni haki yake. Anaposema alichokiona kwa macho yake, umoja ndio ukweli.

Lakini sentensi inayoifanya barua iwe ya mkurugenzi na si ya sekretari ni ile ya “ningekuwa wewe.” Hiyo sekretari hawezi kuitunga, na hapa ndipo mpaka ulipo. Sekretari anaweza kupanga, kufupisha, kuchagua kianze nini na kimalizie nini. Hawezi kumtungia mtu hisia. Kama bosi hakusema kwamba anaifikiria ile shafti, barua isiseme. Kishawishi ni kikubwa, maana sentensi moja ya kubuni kama “machozi yalinilengalenga” huonekana kuipa barua uzito. Siku fundi atakapomkumbusha bosi machozi yale ndipo gharama yake itakapojulikana.

Kuna wanaosema jambo hili lote ni udanganyifu, kwamba mtu asiye na muda wa kushukuru basi asishukuru. Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu inatetea kitu ninachokipenda. Ila inachanganya mambo mawili: nani ameshika kalamu na nani ana neno. Pwani yetu imejua makatibu tangu enzi za masultani, na bibi asiyejua kusoma aliyemwambia mjukuu wake “niandikie” hakuwa akimdanganya mwanawe aliyeko mbali. Neno lilikuwa lake. Udanganyifu unaanza pale ambapo mwenye jina hana neno lolote. Kwa sababu hiyo kuna barua ambazo sekretari anapaswa kukataa kuziandika. Kama bosi hawezi kujibu hata swali moja kati ya yale matatu, kwa kuwa hakwenda Kariobangi na aliyekwenda ni meneja, basi barua iandikwe na meneja kwa jina lake mwenyewe, na bosi aongeze mstari mmoja chini kwa mwandiko wake: kwamba ameambiwa habari za shafti ya kwanza. Mstari huo wa kweli ni bora kuliko ukurasa wa kuazima. Na barua ya bosi isitoke ikiwa na “k.n.y.” juu ya jina lake na sahihi ya mwingine. Kwenye barua ya kuagiza unga, k.n.y. ni utaratibu mzuri wa ofisi. Kwenye shukrani inamwambia fundi kwamba hata sekunde mbili za kutia sahihi hazikupatikana.

Wengine wanapinga kutoka upande mwingine kabisa. Wanasema mtu wa Eastlands hali barua, na kwamba shukrani ya kweli kwa fundi wa jua kali ni kumlipa vizuri na kumrudishia kazi. Ni kweli kwamba malipo yaliyochelewa huigeuza barua kuwa tusi, na ningemshauri sekretari athibitishe kwanza kwamba pesa zimefika kabla bahasha haijatoka. Lakini ujumbe wa M-Pesa unasema jina, kiasi na saa. Hausemi kwa nini. Aliyeifunga kazi kwa haraka na aliyeikataa kazi yake mwenyewe wanapokea ujumbe wa namna moja. Zaidi ya hayo, katika karakana barua iliyo kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni ina maisha ya pili. Inabandikwa ukutani, na mteja mpya anaisoma akingoja. Ndiyo sababu shukrani hii iende kwa karatasi, ipelekwe na dereva, na isibaki kwenye WhatsApp ambako itasukumwa juu na ujumbe wa asubuhi wa watu wengine. Ndiyo sababu pia isitaje bei, isiombe punguzo la kazi ijayo, wala isiingize oda mpya kwenye aya ya mwisho. Shukrani iliyofungwa pamoja na ombi husomwa kama ombi.

Suala la sauti linahitaji uangalifu, hasa mitaa hii. Eastlands ndiko wengi wanakoitafuta asili ya Sheng, na mkurugenzi aliyekulia Bahati au Maringo ana Sheng yake. Lakini Sheng huzeeka upesi, na kila rika lina ya kwake. Sekretari wa miaka 28 akimvisha bosi wa miaka 58 maneno ya wiki hii, fundi atajua mara moja kwamba si yeye aliyesema. Kosa la upande wa pili ni kumpandisha bosi kwenye Kiswahili cha hotuba ya serikali, ilhali fundi alimsikia mwenyewe Jumapili akisema “twende nayo tu.” Njia salama ni kusikiliza jumbe za sauti ambazo bosi amewahi kutuma: sentensi zake ni fupi au ndefu, anaanza na jina au na habari, anamwita mtu nani. Hilo la mwisho lina uzito. Kama anamwita “Fundi,” au “Mzee,” au “Baba” pamoja na jina la mtoto wake wa kwanza, barua ianze hivyo hivyo. “Mpendwa Bwana” kwa mtu uliyemmulikia tochi ya simu Jumapili usiku ni kumrudisha nje ya mlango.

Pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote ni la idadi. Bosi aliyefiwa au aliyefanikisha uzinduzi ana watu arobaini wa kushukuru, na hakuna sekretari atakayepata habari mahususi za wote arobaini. Wengi hufanya barua moja na kubadilisha majina. Katika mitaa ambako majirani huonyeshana simu, watu wawili wakikuta maneno yaleyale, mojawapo hata likiwa “wewe hasa,” barua zote arobaini zimeharibika kwa siku moja. Ningefanya kinyume. Ujumbe mmoja wa wote, usiojifanya wa faragha, unaosema wazi kwamba ni wa kundi na kutaja mambo mawili matatu kundi lilifanya. Kisha bosi aulizwe: kati ya hawa, ni watu gani watatu ambao bila wao mambo yangekwenda vingine? Hao waandikiwe kila mmoja yake. Anayepata ujumbe wa kundi hajadanganywa, na mama wa sufuria za chai, ambaye jina lake karibu kila mara litatokea kati ya hao watatu, atajiona.

Rasimu ikiwa tayari, bosi asomewe kwa sauti, hata kwa simu, kwa sababu sikio hugundua neno ambalo si lake haraka kuliko jicho. Ningeshuku sana bosi anayesema “iko sawa” bila kubadilisha kitu. Kwa kawaida mtu aliyesikiliza kweli hurekebisha angalau neno moja: “Si karakana, mimi nasema jua kali,” au “Sikusema twende nayo hivyo hivyo, nilisema twende nayo tu.” Neno hilo libadilishwe kama alivyosema, hata kama sentensi itapungua uzuri. Baada ya sahihi, nakala iwekwe mahali ambapo itampata bosi asubuhi ya siku atakayopita tena Kariobangi. Na fundi akipiga simu ofisini baada ya kuisoma, kama ambavyo wengi hufanya, sekretari asimwambie kwamba ujumbe utafikishwa. Amuulize kama anaweza kusubiri kidogo kwenye laini, kisha aende akagonge mlango.